Barua kwa mwanangu: mama mkwe akipiga hodi

Mwanangu,

Baba yako ameniambia mama mkwe wako anakuja kwenu Jumamosi. Nimefurahi, na usiku uleule sikupata usingizi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatisha, utasema "sawa mama, nimeelewa", na hili sitaki liishie kwenye sawa.

Shangazi yako alipitia hapa akitokea kwako. Nikamuuliza, "Umemkutaje mwanangu?" Akasema, "Hajambo." Nikauliza tena, "Mlikaa mkaongea?" Akajibu, "Tulisalimiana, nikaondoka." Moyo ukashtuka. Mtu mzima hatoki kote huko na mkoba mkononi, asalimie aondoke. Nikamchokonoa mpaka akasema. Kumbe ulifungua mlango ukamwambia, "He, shangazi! Mbona ghafla, kuna nini?" Naye akakujibu, "Hakuna kitu, nilikuwa napita tu." Nikamuuliza kama alikunywa hata maji. Akasema, "Aliniuliza kama nakunywa."

Najua hukumkusudia baya. Ulimwona ukaingiwa na hofu, swali likakutoka. Lakini nakuomba, Jumamosi usimuulize mama wa watu kuna nini. Usimuulize mlangoni, usimuulize amesimama, usimuulize kabla maji hayajafika kooni. Nyumba yako ni safi kuliko yangu ilivyokuwa nikiwa na umri wako, na kazini wanakusifu, nimesikia. Ndiyo maana linaniuma zaidi kwamba hili dogo linakushinda.

Mgeni mwenye jambo halibebi mkononi, analibeba kifuani. Ukimuuliza akiwa bado na vumbi la njia, unampa mambo mawili tu ya kuchagua: aliseme amesimama, watoto wanamtazama, au aseme alikuwa anapita. Wengi watasema wanapita. Na akishalitamka hilo neno, limemfunga. Hawezi tena kukaa nusu saa akasema "kwa kweli nilikuja kwa sababu hii", maana atajionyesha kuwa alidanganya. Kwa hiyo atakunywa chai yako, atasifu mapazia, ataondoka na jambo lake kama alivyokuja nalo. Ukimsikia mgeni anasema "napita tu" na umbali aliotoka si wa kupita, jua umeuliza mapema.

Sasa tuianze Jumamosi yenyewe. Atapiga hodi. Mwenye adabu hapigi zaidi ya mara tatu, asipojibiwa anajiondokea, basi usimwachie afike ya tatu. Jibu kwa sauti hata kama uko jikoni: "Karibu! Karibu ndani!" Kama hujatambua sauti ni nani, sema "Karibu, nani mwenzangu?" Usipige "Nani?" kavu; anayelisikia hilo huanza kujieleza kabla hajaingia. Wakija wawili ni "karibuni", usimkaribishe mmoja ukamwacha mwenziwe.

Ukifungua, mkono wako uende kwenye mzigo kwanza. "Karibu mama, lete nikupokee." Shikamoo yako mpe ukishaupokea, kwa sauti ya kusikika, usiimeze kama unavyofanya ukiwa na haraka. Akisema marahaba, mwingize ndani. Salamu ndefu hazifanyiwi mlangoni.

Kiti kiwe wazi kabla hajafika. Nakujua wewe na nguo zako za kupasi juu ya makochi. Mgeni akisimama katikati ya sebule huku wewe unakusanya nguo na kusema "samahani, samahani", tayari anahisi amekuingilia. Na usimwambie "kaa hapo". Sema "Karibu kiti, mama", na umwonyeshe ni kipi kwa mkono uliokunjuliwa, si kwa kidole. Lile kochi lako refu linazama. Mtu mzima akilikalia, kuinuka ni mtihani, na atakaa akiwaza atainukaje. Mpe kile kiti chenye egemeo na mikono ya kushikilia, mahali ambapo hatazami mlango wa chumba chenu. Televisheni izimwe. Si kupunguza sauti, izimwe. Akishakaa ndipo na wewe ukae kidogo, useme "Pole na safari", akujibu "Nimeshapoa", halafu uinuke ukalete maji.

Kwenye maji naomba unisikilize vizuri. Usimuulize "Utakunywa maji?" Mgeni wa heshima ana jibu moja kwa swali hilo: "Usijisumbue, mwanangu." Wewe utadhani hataki, utakaa, naye koo linamkauka. Maji hayaulizwi, yanaletwa. Lete bilauri juu ya kisahani au trei, isijae mpaka ukingoni, umpe kwa mkono wa kulia na ule mwingine ukiusaidia, useme "Karibu maji, mama". Unachoweza kuuliza ni "ya baridi au ya kawaida?", kwa sababu hapo lolote atakalojibu, maji yanakuja. Akikwambia amefunga, yaondoe kimya kimya, umwambie Mungu amkubalie, basi. Usianze kuhoji amefunga ya nini. Na akisema "starehe" anakuambia utulie usihangaike. Hilo halimaanishi kwamba hana kiu.

Akimaliza, pokea bilauri, umuulize kama aongezwe. Ndipo unapoanza habari, nazo zina mpangilio wake. Habari za safari. Habari za huko mtokako. Kisha watu kwa majina yao ya heshima: baba hajambo? Wifi hajambo? Watoto hawajambo? Yeye naye atakuuliza hali ya wako. Vijana mnaona ni kurudia-rudia, lakini unampa nafasi ya kupumua. Kila jibu litakuwa "nzuri", "hajambo", "salama". Hata kama kumeungua huko, jibu la kwanza ni nzuri. Usilikimbilie hilo "nzuri" ukadhani mmemaliza. Msikilize anavyomaliza sentensi. Mtu mwenye jambo atakuambia, "Huko ni salama tu, ila..." Hiyo "ila" ndiyo iliyomtoa nyumbani kwake.

Ikija, nyamaza. Usiikamate juu juu kwa "ila nini?" Sema "Ehee, mama", usogee kidogo, umpishe aitoe. Ikiwa haikuja kwenye maji, itakuja baada ya chakula, au usiku watoto wamelala, au kesho yake asubuhi mkiwa wawili mnaosha vyombo. Na huenda isije kabisa, kwa kuwa amekuja kuwaona wajukuu na hana lolote. Hapo pia hutakuwa umepoteza kitu.

Siku atakazokaa usimuulize yeye. "Unaondoka lini?" hata ukilisema kwa kicheko ni kumfungia mtu mizigo. Mume wako anaweza kumuuliza mamaye kwenye simu kabla hajapanda gari, kwa mtoto wake haina ubaya. Na "umepotea sana!" mwachie rafiki yako wa rika lako, kwa mkwe ni lawama.

Nisikufungie mlango wa akili pia. Mtu akija anahema, au analia, au unamwambia karibu kiti anasema "sikai, nimetumwa", huyo usimcheleweshe kwa habari za wifi. Hata huyo lakini mshike mkono umkalishe, maana mwenye habari nzito naye miguu humwisha nguvu. Maji yatafuata maneno. Ila huyo utamjua tu ukimwona usoni, na shangazi yako siku ile hakuwa hivyo. Alikuwa na mkoba.

Nimeutaja mkoba mara mbili, na kuna sababu. Unakumbuka miaka ile watu walipokuwa wakitugongea kwa ajili ya madeni. Nilizoea kujibu nikiwa uani, bila kuinuka, "Nani? Unataka nini?" Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu na daftari lako, na mtoto haokoti maneno anayofundishwa tu. Siku moja nikajibu hivyo, na aliyegonga hakuwa mdai. Alikuwa shangazi yako huyuhuyu. Akasema kutoka nje, "Ni mimi wifi, nilikuwa napita tu." Nikamkaribisha, lakini alikataa kuingia, akasema amechelewa. Mwezi ulipita ndipo baba yako akasikia kwamba siku ile alikuwa ametoka kwa mumewe, nguo zake zimo mkobani, anatafuta pa kulala siku 2 apate kufikiri. Alirudi kulekule. Baba yako hakunisema. Afadhali angenisema.

Kwa hiyo alipokaa hapa kwangu juzi akaniambia "aliniuliza kama nakunywa", nilishindwa kumtazama. Nilimpa maji, nikampa chakula, nikasubiri mpaka giza likaingia. Ile "ila" haikuja. Labda ilishamfia mlangoni kwako, au hata kwangu zamani zile. Alilala, asubuhi akaondoka.

Mgeni wa Jumamosi akishaondoka, mpigie shangazi yako. Usimuulize kwenye simu alikuja kwa lipi. Mwambie watoto wanamuulizia, aje akae nao, umtumie nauli. Akija, unajua cha kufanya.

Hapa tuko salama. Lile bati la jikoni baba yako amelipiga misumari mwenyewe, bado linavuja lakini sasa linavujia upande wa ndoo, kwa hiyo tumepata nafuu. Miwani yake ameikalia tena. Jirani anakusalimu, kajukuu kake kameanza kutembea. Chumba cha nyuma mlango umevimba kwa mvua haufungi vizuri, ukija usiuvute kwa nguvu.

Nimempa anayekuletea barua hii zile bilauri 6 za kabatini, zile ambazo mlikuwa hamruhusiwi kuzigusa. Nimezifunga gazeti moja moja. Zioshe kwa maji ya vuguvugu zisipasuke, na uzikague kwenye mwanga, maana moja ina ufa mdogo karibu na kitako na sikumbuki ni ipi. Ukiipata, hiyo ikae chooni ishike miswaki, isifike mkononi kwa mgeni.

Mama yako