Muhtasari wa Bodi Ukirudishwa: Nyakati, Majina na Namba za Maazimio

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwetu hapa Dodoma na muhtasari wa kikao cha bodi mkononi wanakuja baada ya kurudishwa mahali. Benki imeutazama, ikauliza swali moja, na katibu akakosa jibu ndani ya karatasi yake mwenyewe. Mara nyingi uamuzi wa bodi hauna kasoro. Kasoro iko kwenye maandishi, na karibu kila mara ni moja ya mambo matatu: nyakati za vitenzi, majina ya waliohudhuria, au namba za maazimio.

Tueleze kwa mfano wa kampuni moja ndogo ya kukamua alizeti upande wa Kizota, ambayo wenyewe wameturuhusu kuueleza. Tumetumia majina ya kwanza tu, na hayo pia tumeyabadilisha. Bodi yao ilikaa tarehe 20 Februari 2025. Mtia saini mmoja wa akaunti alikuwa ameacha kazi, kwa hiyo walitaka kuweka watu wengine. Rasimu iliyotufikia, agenda ya 5, ilisomeka hivi:

"Mwenyekiti anaeleza kuwa Petro ameacha kazi mwezi uliopita hivyo bodi itabadilisha watia saini. Wajumbe wamekubaliana Mama Hadija na Yohana watasaini kuanzia mwezi ujao."

Aliyekuwepo kikaoni anaelewa kila kitu hapo. Ofisa wa benki hakuwepo. Kwake, "itabadilisha" ni jambo ambalo bado halijafanyika: bodi inakusudia, haijaamua. "Wamekubaliana" nako kunaweza kuwa mazungumzo tu. Na kwa kuwa rasimu ilichapwa mwanzoni mwa Machi, "mwezi uliopita" ukawa Februari badala ya Januari, na "mwezi ujao" ukawa Aprili wakati bodi ilimaanisha Machi.

Muhtasari ni taarifa ya jambo lililokwisha, kwa hiyo masimulizi yake hukaa kwenye wakati uliopita: mwenyekiti alifungua, mhasibu aliwasilisha, mjumbe alihoji, bodi iliazimia. Makosa hapa huanzia kwenye chanzo cha maandishi. Katibu anayechapa huku akisikiliza kinasa sauti huandika "anaeleza", na anayeazima maneno ya barua ya mwaliko huacha "bodi itajadili". Ukikuta -na- na -ta- zimejazana kwenye kurasa za majadiliano, jua rasimu imechotwa kwenye mojawapo ya vyanzo hivyo, na upitie upya kila kitenzi.

Lakini usibadilishe kila kitu kuwa -li-. Hapa ndipo wengi wanaojirekebishia wenyewe huharibu. Jambo linaloendelea kuwa kweli hubaki kwenye wakati uliopo: "Katiba ya kampuni inaelekeza kwamba akidi ni wakurugenzi watatu." Ukiandika "ilielekeza", msomaji atadhani katiba imebadilishwa. Na kiini cha azimio hakikai kwenye -li- wala -ta-, kwa kuwa ni agizo: bodi iliazimia kwamba jina liondolewe, akaunti ifunguliwe, mashine inunuliwe. Kitenzi cha kwanza kinaonyesha kwamba uamuzi ulifanyika, cha pili kinaonyesha kinachotakiwa kutendwa. Angalia pia "alishauri" na "alipendekeza". Ushauri wa mjumbe mmoja si azimio, hata kama wote walitikisa kichwa. Kama bodi iliukubali, pawe na sentensi inayosema bodi iliazimia.

Maneno ya "leo", "kesho", "mwezi huu" na "hivi karibuni" tunayaondoa yote na kuweka tarehe. Taarifa za hali tunazifunga kwa siku ya kikao. "Mteja hajalipa" inakuwa "hadi tarehe ya kikao, mteja alikuwa hajalipa", maana muhtasari utasomwa na mkaguzi wa hesabu miezi mingi baadaye, na huenda mteja huyo ameshalipa zamani.

Baada ya kumuuliza katibu maswali, agenda ya 5 ilisomeka hivi:

"Mwenyekiti aliieleza Bodi kuwa Ndugu Petro, mtia saini wa akaunti ya kampuni, aliacha kazi tarehe 31 Januari 2025. Baada ya majadiliano, Bodi iliazimia kwamba:

Azimio Na. 1/2025/04: Jina la Ndugu Petro liondolewe kwenye orodha ya watia saini kuanzia tarehe 1 Machi 2025.

Azimio Na. 1/2025/05: Bi. Khadija na Bw. Yohana wawe watia saini kuanzia tarehe hiyo, na kila malipo yahitaji saini za wote wawili."

Maneno ya mwisho, "saini za wote wawili", hatukuyabuni. "Watasaini" ya kwenye rasimu haikuonyesha kama watasaini kwa pamoja au yeyote kati yao anatosha, na benki haiwezi kuendelea bila kujua. Katibu alirudi kwenye daftari lake la mkono, akakuta bodi ilisema wote wawili. Kama daftari lingekuwa kimya, tungemrudishia swali na kuacha pengo. Kazi yetu ni kurekebisha maandishi ya uamuzi, na uamuzi wenyewe ni wa bodi peke yake.

Sasa majina. Rasimu ilikuwa na "Mama Hadija" kwenye agenda ya 5, "Hadija" kwenye orodha ya waliohudhuria, na "Khadija" kwenye nafasi ya saini. Kitambulisho chake cha taifa kinasema Khadija, na taarifa za kampuni zilizoko BRELA pia. Benki inalinganisha herufi kwa herufi. Tunachoshauri ni kutengeneza karatasi moja ya majina matatu ya kila mkurugenzi, yaliyonakiliwa kutoka kwenye kitambulisho kwa mpangilio uleule, na kila muhtasari uchote majina hapo. Yohana asigeuke John, wala Petro asigeuke Peter, hata kama ndivyo wanavyoitwa ofisini. Kwenye orodha ya mahudhurio andika jina kamili na wadhifa. Ndani ya majadiliano unaweza kufupisha, mradi ufupisho uwe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Mama fulani" ni heshima yetu ya kila siku na hakuna ubaya kuitamka kikaoni, ila kwenye karatasi weka Bi. na jina.

Orodha ya mahudhurio ina hatari kubwa kuliko herufi iliyokosewa. Katika rasimu hii, walioandikwa chini ya "Wajumbe waliohudhuria" walikuwa wanne: mwenyekiti, Khadija, Yohana na mhasibu. Mhasibu si mkurugenzi. Alialikwa kuwasilisha hesabu, kwa hiyo anakaa chini ya "Waalikwa", na katibu, kama si mkurugenzi, anaandikwa kama katibu. Ukimtoa mhasibu wanabaki watatu, ambao ndio akidi kamili ya kampuni hiyo. Kisha tukaona kwenye daftari la mkono kwamba Yohana aliingia saa 4:25 asubuhi, ilhali rasimu inasema kikao kilifunguliwa saa 4:00. Kwa maandishi hayo, bodi ilifungua kikao na kuthibitisha muhtasari uliopita ikiwa na wakurugenzi wawili tu.

Tulimuuliza katibu. Ukweli ni kwamba mwenyekiti alisubiri, na kikao kikaanza saa 4:30. Saa 4:00 ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye mwaliko. Tukaandika saa halisi na sentensi moja inayosema akidi ilitimia. Lakini kama kweli wangeanza wakiwa wawili, tusingeandika saa nyingine ili mambo yakae sawa. Hapo dawa ni bodi kuyarudia mambo hayo katika kikao chenye akidi. Ndiyo maana anayechelewa au kuondoka mapema huandikiwa saa na agenda iliyokuwa ikiendelea, na waliotoa udhuru wakatengwa na wasiotoa.

Tatizo la tatu, namba za maazimio, ndilo lililofanya benki iwarudishe. Kampuni hii ilikuwa ikiyapa maazimio namba za agenda: agenda ya 5, azimio la 5. Mtindo huo unavunjika haraka. Agenda ya 3 iliahirishwa, kwa hiyo haikuwa na azimio. Agenda ya 4, ya ununuzi wa mashine ya kuchuja mafuta, ilizaa mawili, na ya 5 pia mawili. Juu ya hayo, namba zilikuwa za kujiandika zenyewe kwenye kompyuta. Katibu alitoa dondoo ya azimio la watia saini ikiwa na "Azimio Na. 5", ikapelekwa benki. Siku chache baadaye akafuta kifungu cha agenda iliyoahirishwa, namba zote chini yake zikapungua kwa moja, na azimio lilelile likawa Na. 4. Benki ilipoomba muhtasari wenyewe, ikakuta namba 5 inahusu kufunga kikao.

Namba ya azimio ijitegemee: namba ya kikao, mwaka, kisha namba ya mfululizo ndani ya kikao. 1/2025/04 ni azimio la nne la kikao cha kwanza cha 2025, hata kama limetoka agenda ya 5. Uamuzi mmoja, namba moja. Ukiona neno "na" linaunganisha mambo mawili ambayo moja linaweza kutekelezwa bila lingine, yatenganishe, kama tulivyotenganisha kumwondoa Petro na kuwaweka wapya. Namba ichapwe kwa mkono, na ipangwe kabla ya dondoo yoyote kutoka ofisini. Baada ya hapo haiguswi. Azimio likiondolewa kwenye rasimu, andika kwamba namba hiyo haikutumika, wala usisogeze zinazofuata. Kisha fungua sehemu ya yatokanayo na uhakikishe kila namba inayotajwa humo inafika kwenye azimio lake.

Katika mfano huu muhtasari ulikuwa bado rasimu, kwa hiyo namba zilipangwa upya, dondoo ya zamani ikaondolewa benki na mpya ikatolewa. Muhtasari ambao umeshathibitishwa na kusainiwa na mwenyekiti haufunguliwi tena kwenye kompyuta. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002 karatasi hiyo yenye saini ni ushahidi wa kilichofanyika kikaoni, na kubadilisha ukurasa kimyakimya kunauharibu ushahidi huo. Kosa likionekana siku ya kuthibitisha, masahihisho huandikwa kwenye muhtasari wa kikao kinachothibitisha: "Ukurasa wa 2, kifungu cha 5.1: 'itabadilisha' isomeke 'iliazimia kubadilisha'", na mwenyekiti huweka saini fupi pembeni ya sahihisho. Likionekana baada ya saini, bodi hulirekodi kama sahihisho kwenye kikao kinachofuata, na karatasi ya awali inabaki ilivyo.

Ukituletea kazi, njoo na rasimu, daftari la mkono la katibu, barua ya mwaliko, karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa, muhtasari wa kikao kilichopita, na nakala ya dondoo yoyote iliyokwisha kutoka. Tutakurudishia nakala yenye kila badiliko likionekana kwa rangi, pamoja na ukurasa wa maswali ambayo katibu au mwenyekiti pekee ndiye anayeweza kuyajibu. Nakala safi tunaitoa baada ya majibu hayo kurudi.