Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Ploti, Nakuru

Wanachama wenzangu, salamu.

Mikutano ilifanyika, rambirambi zilitolewa kwa familia mbili, na hesabu za benki anazo mweka hazina. Hayo mnayajua, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye ua wa waya tuliouzungushia ploti yetu, maana maneno yamezidi huko nje.

Mkutano wa kuamua aina ya ua ulihudhuriwa na watu 13 kati ya 34. Wanaolalamika leo karibu wote hawakuwepo.

Waliotaka ukuta wa mawe walisema tumejenga "boma la mbuzi". Ploti yetu ni futi 100 kwa 200, mzunguko wake futi 600. Ukitoa geti la futi 12 unabaki na 588. Jiwe la machimbo la inchi tisa likipangwa hadi futi sita juu ya ardhi ni mistari minane, na miwili ndani ya msingi. Mistari kumi mara 588 ni futi 5,880 za mawe. Kwa shilingi 50 tulizoambiwa kwa futi, mawe peke yake ni 294,000, kabla ya mfuko wa kwanza wa simiti na kabla fundi hajashika mwiko. Ua wote wa waya, geti likiwemo, umetugharimu 256,000.

Sasa nguzo, ambazo ndizo zilizoniletea jina baya. Mwanachama mmoja aligawa 588 kwa kumi, akapata 59, akauliza kwa nini nilinunua 78. Umbali kati ya nguzo ni futi kumi, wala haufai kuzidi hapo, la sivyo waya unalegea katikati. Lakini nguzo hazihesabiwi kwa kugawa mzunguko mzima. Unatembea upande kwa upande: nafasi 20 kila ubavu, kumi nyuma, na tano kila upande wa geti. Hizo ni nafasi 60, na kwa kuwa geti limeukata mzunguko, nguzo ni 61. Juu ya hizo kuna nguzo za kuegemeza, zile zinazosimama mshazari: mbili kila kona, moja kila nguzo ya geti, na mbili katikati ya kila ubavu mrefu. Jumla 14. Tatu zaidi ni za kuvunjika njiani, na mbili kweli zilivunjika. Asiyeamini kazi ya mshazari aende aone ua wa jirani yetu wa chini: kona zake zimeinama kuelekea ndani kama wazee msibani, kwa sababu waya ukikazwa huvuta kona kutoka pande mbili na hakuna kitu cha kuizuia.

Kwa wanaosema simiti iliibwa: haikuibwa. Shimo ni futi moja kwa futi moja, kina futi mbili. Kwa mchanganyiko wa moja kwa tatu kwa sita, mfuko wa kilo 50 ulijaza mashimo manne. Mashimo 75 yalikula mifuko 19. Wa ishirini upo kwa mlinzi.

Kosa ninalolikubali ni la waya. Roli la mita 18 mara kumi ni mita 180, na sisi tulihitaji 179 na kidogo. Niliagiza kumi, nikajisifu. Siku ya kukaza, roli moja lilitoka mita 17, ikabidi tununue la kumi na moja kwa 6,800. Tungepima kila roli chini kabla ya kulipa, tungejua mapema. Lakini geji sikukosea. Wengine walitaka geji 16 kwa kuwa ni rahisi. Waya huo una unene wa milimita 1.6, huu wetu wa geji 12.5 una 2.5, yaani chuma chake ni zaidi ya maradufu. Nilikwenda dukani na kipimo changu mwenyewe, muuzaji akacheka, lakini roli mbili zilizoandikwa 12.5 zilisoma 2.0, ambayo ni geji 14. Nikazirudisha.

Kwa ufupi wa hesabu: nguzo 50,700, waya wa ua 74,800, simiti 15,000, mchanga na kokoto 24,000, waya wa kukazia 8,500, fundi na vibarua 38,000, geti 45,000. Tulikuwa tumepitisha 230,000. Hizo 26,000 za ziada nilitanguliza kutoka mfukoni mwangu na bado sijarudishiwa, huku michango isiyolipwa ikiwa 68,500. Majina anayo katibu.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutafikiria kupanda kayaba kando ya waya, na pengine ukuta wa mawe upande wa barabara pesa zikipatikana. Kwa sasa naomba yeyote mwenye ufunguo wa pili wa geti aulete kwa katibu.

Mwenyekiti