Barua kwa vijana mnaogombania eka ya kilimani

Wanangu wa Pemba,

Assalaam aleikum. Nimesikia mumepewa eka moja kilimani, nusu yenu wanataka mikarafuu na nusu wanataka muhogo. Mnagombana bure. Miaka ya mwanzo eka hiyo inabeba vyote viwili, shida ni jinsi mtakavyovikalisha pamoja.

Mikarafuu mkiipanda mita 8 kwa 8, eka nzima itaingia miche 60 na kidogo. Hamtachuma kitu mpaka mwaka wa sita, pengine wa nane. Migomba itangulie, maana mche mchanga hauwezi jua kali, na kivuli hicho hicho kitawapa ndizi baada ya mwaka hivi. Muhogo ukae katikati ya mistari.

Hapo ndipo nilipoharibu mimi. Nilikuwa na tamaa, nikapanda muhogo hadi shinani mwa mikarafuu. Mwaka wa tatu, siku ya kuchimbua, jembe lilitoka na vizizi vyembamba, nami nikadhani ni vya muhogo. Kumbe mizizi ya kulisha mkarafuu iko juu juu. Baada ya miezi michache majani ya kileleni yakapukutika, na miti 11 ikakauka kuanzia juu kushuka chini. Basi acheni mita moja kila upande wa mche, na kila mwaka muhogo urudi nyuma, usiingie chini ya matawi. Mwaka wa tano uondoke kabisa kwenye mikarafuu.

Matuta yakate mteremko. Yakielekea bondeni, masika itabeba udongo wa juu, na muhogo wenyewe hauachi kitu kingi ardhini. Majani yake na vigogo vya migomba iliyokatwa vitandazeni kuzunguka mikarafuu, ila visiguse shina, msije mkawaitia mchwa.

Kuhusu kazi, mimi naupenda muhogo kuliko mahindi kwa sababu moja: unasubiri. Karafuu ikiiva haina subira, ua likishachanua bei imekwenda, na watu wote wa nyumbani watakuwa juu ya miti mchana, na usiku wako chini wanachambua makonyo. Mahindi yakikauka wakati huo yataliwa na panya. Muhogo ukikomaa unaweza kukaa ardhini miezi miwili mitatu mingine.

Tena msidhani mikarafuu ikishazaa mumepumzika. Mwaka huu inajaa, mwakani huenda ikawapa kidogo tu. Kwa hiyo robo eka ya chini msiitie mkarafuu hata mmoja. Ibaki ya muhogo na kunde kwa zamu.

Miche mkenda kuchukua kitaluni, pasueni mfuko mmoja mtazame. Mzizi mkuu ukiwa umejikunja chini kama ndoana, rudini bila kitu.

Mzee wenu