Boga lako limezaa huku Tanga

Tanga, 24 Agosti 2025

Shoga angu wa Lushoto,

Salaam nyingi sana, na huyo dogo wako na baba yake wote wasalimie. Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wakati simu ipo, ila humu ndani kuna kibahasha kidogo kimegundishwa na gundi, usikifungue kwanza, soma mpaka mwisho ndo ukifungue, hayo ni masharti ya mwanangu Babu na nimemuahidi. Yeye mwenyewe alitaka aandike lakini kila akianza anaishia kwenye salaam, kwa hiyo kanambia mama wewe andika mimi nitakuwa nakukumbusha, na hapa nilipo kakaa pembeni yangu anachungulia.

Unalikumbuka lile boga ulilonipa Ramadhan, lile bapa la kijivu kama kijani lenye mbavu nene? Nililipika na nazi kwa futari siku mbili. Basi siku ile nalikata, Babu kakaa pale jikoni na swaumu yake ya nusu siku, anaona nakomba utumbo wa boga natupa kwenye ndoo ya takataka, akaniuliza mama hizi si ndo mbegu? Nikamwambia ndiyo. Akachukua sita. Mimi sikuwa na habari naye, nina sufuria tatu jikoni, wewe unajua futari ilivyo.

Tano akazifunga kwenye nailoni hivohivo zikiwa na utelezi wake akazificha chini ya godoro. Ya sita ilimdondoka dirishani akaisahau, ikakaa pale siku kama nne inapigwa na upepo, alipoiona akaiweka kwenye mkebe wake wa shule pamoja na penseli. Siku ya pili ya Idd anataka kupanda, anafungua nailoni, harufu shoga! Zote tano zina ukungu mweusi, ukizibonyeza zinatoa maji. Mbegu ya boga ukiifunga mbichi inajioza yenyewe tu, lazima uoshe ule utelezi wote kisha uianike kivulini mpaka ukiikunja ivunjike, isipinde. Ile ya kwenye mkebe bila mtu kukusudia ndo ilikauka sawasawa, nene katikati, sio pepe. Kwa hiyo mwanangu akabaki na mbegu moja.

Akachimba shimo nyuma ya bafu, pale kwenye ukuta, akajaza samadi ya mbuzi ya zamani ile iliyokwisha kuwa kama udongo. Akaidumbukiza mbegu ikaingia kama pingili moja ya kidole, akazungushia matawi kuku wasifukue. Siku ya sita asubuhi napigiwa kelele MAMA IMEVAA KOFIA. Kweli nakwenda, kijiti cheupe kimejikunja kimetoka ardhini na lile ganda la mbegu bado limebana majani kichwani. Anataka alivue kwa kucha. Nikamkataza, maana ukilivuta linatoka na majani yote na mche ndo umekwisha, nikamwambia linyunyizie maji jioni lilainike. Kesho yake likadondoka lenyewe, majani mawili manene yamefunguka kama viganja.

Mvua za masika zikaja boga likawa halishikiki, limepanda ukuta limeingia kwa jirani. Bibi yake akawa anakata ncha anapika msusa, Babu analia kila akiona chungu jikoni, ila ncha zilizokatwa zilichipua matawi mengine pembeni na huko kwenye matawi ndo maua mengi ya maana yalitokea baadaye. Katikati ya Mei likaanza kutoa maua, makubwa ya njano, kila siku matatu manne, yakifika mchana yamesinyaa na kesho yake yako chini. Babu anayaokota anayahesabu. Hakuna boga hata moja.

Sasa hapa ndo nataka nikueleze vizuri maana hapa ndo palinigusa. Mwisho wa Mei yakatokea maua yenye kiboga kidogo chini yake, kama gololi ya kijani. Furaha ya huyu mtoto siwezi kukusimulia. Akaita wenzake wote wa mtaani, akawaonyesha moja mbili tatu. Baada ya siku nne zile gololi zikaanza kuwa njano kutokea nchani, zikanywea, zikaanguka zote tatu. Babu akanyamaza. Chakula hali, ukimuuliza anasema hamna kitu. Usiku nimelala anakuja ananigusa bega, mama mimi ndo nimeyaua. Kuyaua vipi? Nimeyanyooshea kidole.

Si unajua ile ya boga changa halinyooshewi kidole litaoza, uonyeshe kwa ngumi? Sisi wote tumelelewa hivo, na bibi yake ndo alimwambia. Kumbe siku ile alipokuwa anawaonyesha wenzake alisahau akanyoosha kidole, siku zote hizo amebeba mwenyewe moyoni. Miaka tisa tu shoga. Nilimkumbatia lakini sikuwa na jibu, maana hata mimi sikujua yaliangukia nini.

Asubuhi nikampeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, alikuwa bwana shamba zamani kabla hajastaafu. Mzee wa watu hakumcheka, akaja na fimbo yake mpaka nyuma ya bafu, akamwambia mjukuu wangu nichumie ua hili na hili. Akayaweka kiganjani. Moja lina kikonyo kirefu chembamba, ndani limesimamisha kitu kama kidole kimoja chenye unga wa njano, akasema hili dume. Lingine kikonyo kifupi kinene, chini lina kile kiboga, na ndani ukichungulia kuna kitu kama kifundo kimegawanyika mafungu matatu, kinanata, hili jike. Haya ya mwanzo uliyokuwa unayaokota yote yalikuwa madume, boga hutanguliza madume ndo kawaida yake, halikuwa na ugonjwa. Na zile gololi zimeanguka kwa sababu unga wa dume haukufika kwa jike. Anayeupeleka ni nyuki. Akamuuliza, wiki ile mvua ilikuwa inanyesha saa ngapi? Babu akasema asubuhi, tulikuwa tunachelewa shule. Basi, mzee akasema, ua la boga linafunguka alfajiri, jua likishapanda limejifunga na halifunguki tena, lina asubuhi moja tu ya maisha yake, na mvua ikinyesha asubuhi hiyo nyuki hatoki na unga unalowa. Kidole chako hakikuua kitu.

Ungemuona Babu uso wake wakati anaambiwa vile. Akauliza mara mbili, hakikuua? Hakikuua.

Mzee akamfundisha awe nyuki yeye. Na mimi nilisema tukifanya tufanye vizuri, maana jirani ukutani ana maboga yake na yametambaa yamechanganyikana na yetu, na Babu alishasema toka mwanzo anataka mbegu amrudishie mama mdogo wa Lushoto (ndo wewe). Kwa hiyo jioni unatafuta maua yatakayofunguka kesho, unayajua kwa ncha yake imeshaanza kuwa njano, unachagua dume mbili na jike moja unayafunga midomo kwa uzi ili nyuki wa kwa jirani asitangulie. Tarehe 8 Juni, ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu Babu ameshaniamsha. Akachuma dume, akafungua uzi, akachana yale majani ya njano yote kikabaki kile kidole cha unga peke yake. Akafungua jike taratibu. Akapaka, fungu la kwanza, la pili, la tatu, ulimi nje kabisa kwa umakini, maana mzee alimwambia ukiruka fungu moja boga linaweza kukua upande. Akachukua dume la pili akarudia. Kisha akalifunga tena jike kwa uzi uleule na kikonyoni akafunga kitambaa chekundu ili tujue ndo lenyewe.

Siku tatu hakuna aliyepumua humu ndani. Siku ya nne gololi imekuwa kama ndimu, inang'aa, na kikonyo kimeanza kuinamia chini. Hiyo ndo alama limeshika. Tukaongeza mengine mawili, moja likashika, jingine likaanguka na safari hii hakulia, alisema tu unga ulikuwa kidogo.

Tulilivuna tarehe 27 Julai, kama siku hamsini hivi toka lipakwe. Babu alikuwa kila Jumapili analijaribu na ukucha, ukucha ukiingia bado. Siku ulipoteleza na kikonyo kimekauka kimekuwa kama kijiti cha kuni, tukalikata tukaacha kikonyo urefu wa vidole vinne, maana likikatwa usawa wa boga linaozea pale. Dukani limepimwa kilo nne na nusu. Tukaliacha kabatini karibu wiki tatu kwanza, mzee alisema mbegu zinaendelea kujaa ndani hata baada ya kuchuma, na kweli tulipolikata zilikuwa nene nene, mapepe machache tu. Nyama yake nyekundu, tamu, haina maji. Tulipika na nazi kama lako, mzee tukampelekea bakuli lake.

Sasa shoga kuna jambo moja linamsumbua Babu na mimi pia. Hili boga halikufanana na lako. Lako lilikuwa bapa la mbavu, hili lina shingo kama kibuyu na mistari hafifu ya njano. Mzee akasema la kwetu lilifungwa uzi halijaingiliwa, mchanganyiko umetoka hukohuko Lushoto, nyuki alimletea boga lako unga wa shamba jingine, na mchanganyiko huo hauonekani kwenye boga lenyewe, unaonekana kwa mtoto wa mbegu. Na hizi tunazokuletea akasema zinaweza zikatoka bapa, zikatoka za shingo, kila mmoja na lake, kwa hiyo usije ukasema tumekubadilishia.

Fungua bahasha sasa. Ziko kumi na mbili, zimeoshwa zimeanikwa kwenye ungo siku tisa, Babu amezikunja mojamoja. Panda mbilimbili kwenye shimo ubakishe ule wenye nguvu. Na kabla hujapanda tafadhali mpitie yule jirani yako wa upande wa mtoni umuulize mwaka jana alipanda boga la aina gani, lilikuwa na shingo? Babu anasema akijua jibu ndo atalala. Nipigie hata usiku.

Wako,
Mama Babu