Barua ya wazi kwa Mkuu wa Usalama Barabarani

Yah: Fomu ya taarifa pale pikipiki ya kupeleka vifurushi inapomgonga mtembea kwa miguu

Mheshimiwa Mkuu,

Sisi tunaofanya kazi ya kupima ajali za pikipiki tunaomba fomu hiyo ibadilishwe, tukianza na sehemu ya mwendo. Sasa hivi ina kisanduku kimoja tu, na karibu kila mara huandikwa "40". Namba hiyo ama dereva ameitaja kwa mdomo, ama imetolewa kwenye simu yake bila kuchambuliwa.

Tuchukue mfano. Simu inaandika mahali ilipo kila baada ya sekunde 10. Alama ya mwisho kabla ya ajali na ile ya pikipiki ikiwa imeshasimama zimeachana mita 110. Gawa kwa 10, unapata mita 11 kwa sekunde, yaani kilomita 40 kwa saa. Lakini huo ni wastani, na ndani yake umo muda wa kufunga breki. Ikiwa dereva alikwenda sawasawa kwa sekunde 7, kisha akapunguza kwa sekunde 3 hadi kusimama, mwendo wake wa kwanza ulikuwa karibu kilomita 47 kwa saa. Wastani umeficha kilomita 7. Kwa hiyo fomu idai alama zenyewe na saa za kila moja, si namba moja iliyokwisha kupikwa.

Lami nayo ina ushahidi wake. Tuseme kutoka pale tairi lilipoanza kuburuza hadi pikipiki iliposimama ni mita 19, lami kavu na tambarare. Kama breki zote mbili zilishika vizuri, mwendo unakaribia kilomita 59 kwa saa. Kama ni ya nyuma peke yake, ambayo hupunguza mwendo kwa nguvu ndogo zaidi, hesabu hiyohiyo inashuka hadi karibu 46, na hapo inalingana na simu. Mita ni zilezile, majibu ni mawili, na fomu haiulizi ni tairi lipi. Mburuzo wa tairi la nyuma kwa kawaida huyumba kushoto na kulia. Ule wa mbele ukifunga kabisa huwa mfupi, kisha hufuatwa na mikwaruzo ya chuma, kwa sababu pikipiki huanguka papo hapo. Mikwaruzo ipimwe peke yake. Na kwa kuwa kumgonga mtu nako kunakula mwendo, jibu la hesabu ya mburuzo lisomwe kama kiwango cha chini.

Kwenye njia, jina la barabara halitoshi. Pikipiki huondolewa barabarani ndani ya dakika chache, mara nyingi na wasamaria wema. Mahali pa kugongana na mahali iliposimama papimwe kila kimoja kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, kwa mfano nguzo ya taa na kona ya jengo. Iandikwe pia saa oda ilipokubaliwa, saa iliyoahidiwa mteja, na kama dereva alikuwa kwenye njia iliyochorwa na ramani au ameiacha.

Helmeti: "alivaa" ni neno jepesi mno. Tunachohitaji kujua ni kama mkanda ulikuwa umefungwa, kama helmeti ilibaki kichwani hadi mwisho, na nani aliivua. Helmeti iliyokutwa mita kadhaa kutoka kwa majeruhi huenda ilivaliwa bila kufungwa, au mkanda ulikatika. Kuangalia kifungo na nyuzi za mkanda husaidia kutofautisha. Isirudishwe kwa mwenyewe kabla ya kupigwa picha ndani na nje, maana povu la ndani linaweza kuwa limebonyea ilhali ganda la nje halina hata ufa.

Kwa majeraha, daktari aombwe jambo moja ambalo leo haulizwi: urefu wa kila jeraha la mguu kutoka kwenye kisigino, na ni upande gani wa mguu. Jeraha la upande wa nje wa mguu wa kushoto linaashiria kwamba mtu aligongwa akiwa ameelekeza kushoto kwake kwenye pikipiki. Ndipo tunaweza kupima maelezo ya kwamba "alirudi nyuma ghafla". Majeraha ya kichwa mara nyingi hutoka kwenye lami baada ya kuanguka, kwa hiyo yasichanganywe na ya kugongwa.

Na "hali yake ni nzuri" isifunge taarifa. Aliyepigwa kichwani anaweza kuongea vizuri, kisha akazimia saa chache baadaye damu inapojikusanya ndani ya fuvu. Tunaomba ziwepo nafasi tatu za tarehe na saa: eneo la tukio, baada ya saa 24, na siku ya 30, kwa kuwa kifo kinachotokea ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa cha barabarani. Taarifa isiyojazwa nafasi ya tatu ibaki wazi kwenye daftari.

Wako,
Wapimaji wa ajali za pikipiki