Mota ya mtetemo: kwa nini kibodi huvuma mkononi na arifa hupita bila kuhisiwa

Ndugu mteja,

Malalamiko kuhusu mtetemo wa simu hutufikia hapa dukani kwa sura mbili. Wapo wanaosema kwamba wakiandika ujumbe, simu inavuma mfululizo mkononi badala ya kuwapa mguso mmoja kwa kila herufi, na wapo wanaosema kwamba simu iko mfukoni, ujumbe unaingia, nao hawahisi kitu. Wote wawili huomba jambo moja: tuwaongezee nguvu ya vaibresheni. Kwa mteja wa pili ombi hilo linaweza kusaidia, lakini kwa wa kwanza nguvu zaidi huzidisha kero, kwa sababu anachokosa ni mota inayowahi kuanza na kuwahi kusimama.

Ndani ya simu zinazopita mikononi mwetu kuna aina mbili kuu za mota. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya zamani na ya bei nafuu, ni mota ndogo ya kuzunguka iliyofungwa kipande cha chuma upande mmoja tu wa mhimili wake. Chuma hicho kinapozunguka huivuta simu huku na huku, na huo ndio mtetemo. Mota ya namna hii yenye umbo la sarafu, ya volti 3, huzunguka takriban mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde. Shida yake unaweza kuiona kwenye feni ya dari: ukiwasha, panga huchukua muda kushika kasi, na ukizima huendelea kuzunguka zenyewe. Mota ya simu ni ndogo mno kwa hiyo muda huo ni mfupi, lakini upo. Kwa kawaida huhitaji milisekunde 50 au zaidi kufikia kasi yake, na muda kama huo au mrefu zaidi kutulia.

Aina ya pili haizunguki. Ndani yake kuna uzito ulioshikiliwa na springi, pamoja na sumaku na koili, na baodi ya simu huupeleka umeme kwa kugeuza mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde, ili uzito uende mbele na kurudi nyuma kwenye mstari mmoja. Kila mota ya namna hii ina mwendo wake wa asili, mara nyingi kati ya mitetemo 150 na 235 kwa sekunde kulingana na ilivyotengenezwa, na hufanya kazi vizuri pale tu inaposukumwa kwa mwendo huo. Zile ndogo za duara huhitaji kwenda na kurudi mara kadhaa kabla ya kupata nguvu kamili, ilhali zile kubwa za mstatili hufika haraka zaidi. Apple walipoleta mota yao ya mstatili kwenye aifoni 6s mwaka 2015, walieleza kwamba inafikia kilele chake kwa kwenda na kurudi mara moja tu, na kwamba mguso mfupi huisha ndani ya milisekunde 10. Mwaka uliofuata, kwenye aifoni 7, kitufe cha nyumbani kiliacha kubonyea kabisa. Kidole kilidhani kimebonyeza kwa sababu tu mota ilipiga kwa wakati unaostahili.

Sasa turudi kwenye kibodi. Mtu anayeandika kwa dole gumba mbili bila kusitasita anaweza kugusa herufi 6 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya herufi moja na inayofuata kuna milisekunde 165 hivi. Tuseme simu yake ina mota ya kuzunguka, na kibodi inaiwasha kwa milisekunde 40 kila anapogusa. Katika muda huo mota haijafika hata kwenye kasi yake kamili, ndiyo maana mguso hufika umechelewa na hauna makali. Umeme ukikatwa, zimebaki milisekunde 125 kabla ya herufi inayofuata, na sehemu kubwa ya muda huo chuma bado kinazunguka. Vidole kamwe haviendi kwa mwendo mmoja. Herufi mbili zikifuatana upesi kidogo, mtetemo wa kwanza unaungana na wa pili, na mkono unapokea mvumo mmoja mrefu usiokueleza kwamba umegusa herufi ngapi. Kwenye mota nzuri ya mstatili, mguso wa milisekunde 10 umekwisha zamani kabla kidole cha pili hakijashuka.

Ukiongeza nguvu kwenye mota ya kuzunguka, unaiongezea pia kasi, na hivyo muda wa kutulia unarefuka. Ukiipunguza, haipungui nguvu peke yake; kasi nayo inashuka, na mtetemo unageuka kuwa mngurumo wa chini ambao ngozi haiushiki vizuri, kwa kuwa vidole vyetu huhisi vyema zaidi mitetemo ya karibu 200 hadi 300 kwa sekunde. Ushauri wetu kwa wenye simu za aina hii ambao wanasumbuliwa na mvumo ni kuzima mtetemo wa kibodi na kuuacha wa arifa. Kwenye Gboard kipengele kinaitwa `Haptic feedback on keypress`, na chini yake kuna kipimo cha nguvu ambacho mara nyingi huandikwa kwa milisekunde. Ukitaka kujaribu kwanza kabla ya kuzima, kishushe kidogo kidogo mpaka mvumo ukatike, au mpaka mguso upotee kabisa. Ukipotea kabla ya mvumo kukatika, basi huo ndio mwisho wa uwezo wa mota yako.

Kwa arifa mambo yanakwenda kinyume. Hapa hakuna kidole kinachousubiri mtetemo. Simu imo mfukoni au mkobani, na mwenyewe anatembea au amepanda daladala inayotetemeka kuliko simu yoyote. Kinachohitajika ni mtetemo mrefu wa kutosha na unaokatika-katika, kwa sababu mtetemo wa mfululizo ngozi huuzoea. Mota ya kuzunguka, pamoja na kasoro zake zote za kibodi, haifanyi vibaya hapa. Ndiyo maana tunapokea wateja waliotoka kwenye simu ya bei ya chini wakanunua ya bei kubwa, kisha wakaja kulalamika kwamba simu mpya haitetemi. Mara nyingi mota yao ni nzima na bora. Mtengenezaji ameamua arifa iwe mguso mmoja mfupi wa kistaarabu, ambao mezani mbele yako unapendeza na kwenye mfuko wa suruali unapotea. Tiba iko kwenye mipangilio. Kwenye WhatsApp ya Android, ndani ya `Notifications`, badilisha `Vibrate` iwe `Long`. Kwenye aifoni, fungua `Sounds & Haptics`, ingia kwenye mlio wa ujumbe, kisha `Haptics`, na utengeneze mtetemo wako mwenyewe kwa kukandamiza kidole kwa muda mrefu.

Kava nalo lina mchango wake. Nguvu ya mota haibadiliki, lakini simu ikiongezeka uzito inasogea kidogo zaidi. Simu ya gramu 190 ikivalishwa kava na kishikizo vyenye gramu 60, mtikisiko wake unapungua kwa karibu robo, na kama kava hilo ni la mpira mnene, sehemu nyingine inamezwa kabla ya kukufikia. Kabla ya kutuletea simu, vua kava na ujaribu siku nzima. Hakikisha pia kwamba hujawasha hali ya kuokoa chaji, kwa kuwa kwenye baadhi ya simu hali hiyo huzima au kupunguza mtetemo bila kukuuliza.

Pale ambapo mipangilio haina kosa ndipo tunafungua simu, na kosa tunalokuta mara nyingi ni mota iliyobadilishwa kwa isiyo ya aina yake. Mfano ni simu moja iliyoletwa kwetu baada ya kuingia maji na kutengenezwa mahali pengine. Mtetemo wake ulikuwa mwembamba, ukisikika zaidi kwa sikio kuliko kwa mkono, na mwenyewe aliamini betri imechoka. Tulianza na `*#0*#`, ambayo kwenye simu nyingi za Samsung hufungua ukurasa wa majaribio wenye kitufe cha `Vibration`, na mvumo ule ule dhaifu ukatoka. Kwa hiyo programu haikuwa na hatia. Tukaichomoa mota: sarafu ndogo yenye nyaya mbili, kipenyo sawasawa na nafasi yake, na ukinzani wa omu kadhaa ambao hauwezi kukueleza lolote, maana aina zote mbili husoma hivyo. Tukaiunganisha kwenye pawa saplai ya volti 3 iliyowekewa kikomo cha mkondo. Ikazunguka kwa nguvu zote.

Jibu lilikuwa hapo hapo. Mota ilikuwa nzima, ila ni ya kuzunguka, na baodi ya simu ile imetengenezwa kusukuma mota ya springi. Umeme wake hubadili mwelekeo kila baada ya takriban milisekunde 3, kwa hiyo chuma kilisukumwa mbele na kurudishwa nyuma kabla hakijaanza kuzunguka, kikabaki kutetemeka pale pale. Mota ya springi ikiunganishwa kwenye pawa saplai hiyo hiyo hutoa "tk" moja unapogusisha nyaya, inanyamaza, kisha hutoa nyingine unapoziachanisha. Makosa yakiwa ya upande wa pili, yaani mota ya springi kwenye baodi ya mota ya kuzunguka, simu yako itafanya vivyo hivyo kwenye kila arifa: tk mwanzoni, tk mwishoni, na katikati kimya.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubali ombi la kuwekewa "mota ya aifoni" kwenye simu ya aina nyingine, hata kama nafasi inatosha. Hata mota ya springi ya duara kutoka modeli nyingine inaweza kuwa na mwendo wa asili uliotofautiana kwa kiasi kidogo, na pale ambapo baodi haiupimi mwendo huo yenyewe, tofauti hiyo ndogo hula sehemu kubwa ya nguvu. Tunaweka ya modeli ile ile, na gundi ya karatasi iliyoishikilia tunaibadilisha pia, maana mota iliyolegea hugongagonga kwenye kasha na kutoa kelele ya bati.

Dalili nyingine mbili unaweza kuzitambua nyumbani. Mtetemo usioanza mpaka uigonge simu huashiria brashi za mota ya kuzunguka zimekwisha, au viunganishi vyake vimeota kutu, jambo la kawaida kwa simu zilizokaa karibu na bahari au kulowa jasho. Kutu tunaisafisha, brashi hazitengenezeki. Mkwaruzo unaosikika kwenye kila mguso wa kibodi kwa kawaida ni uzito wa mota ya springi unaogusa ukuta wake baada ya simu kuanguka, nao tiba yake ni mota nyingine.

Ukaguzi wa mipangilio na jaribio la kwanza hatuvitozi. Njoo na simu ikiwa na chaji na kava lake la kila siku, na kama iliwahi kufunguliwa kwingine utuambie, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua tunaanzia wapi.