Barua kwako uliyeniachia ratiba ya memori

Rafiki yangu, habari za tangu juzi? Uliniachia kazi ya kupanga marudio ya somo la memori ya kompyuta, nami naiandika hadharani ili kikundi kizima kisome na anayetaka kupinga apinge mapema. Napendekeza tukutane kila Jumamosi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, kwa wiki nne.

Wiki ya kwanza tutafsiri anwani, basi. Peji ikiwa na baiti 4096, anwani 8300 inaangukia peji ya 2 (tunaanza kuhesabu na sifuri), na baki ni 108. Jedwali la peji likisema peji hiyo imo kwenye fremu ya 5 ya memori halisi, anwani halisi ni 5 × 4096 + 108, yaani 20588. Wiki ya pili tushughulikie jedwali lenyewe na TLB, ile hifadhi ndogo ya haraka inayoweka tafsiri za karibuni.

Wiki ya tatu ndiyo ninayoipigania, na tusiruhusu mtu kuja bila kalamu. Ni ya kubadilisha peji memori inapojaa. Tutatumia mfuatano huu mmoja tu:

```
1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5
```

Kwa FIFO, peji iliyoingia kwanza ndiyo inayotoka kwanza. Ukiwa na fremu 3 unapata peji folti 9, yaani mara 9 peji inaitwa na haimo kwenye memori. Ongeza fremu ziwe 4, zinakuwa 10! Memori imeongezeka na hali imekuwa mbaya zaidi. Hii ndiyo kasoro inayoitwa kwa jina la Belady, aliyeielezea na wenzake mwaka 1969. Ukifuatilia fremu 4 utaona chanzo chake: 5 inapoingia inaitoa 1, na 1 ndiyo inayoitwa mara tu baada ya hapo. Ikirudi inaitoa 2, ambayo nayo inafuata kuitwa, na mkasa unaendelea hivyo hadi mwisho.

Wengi hukosea pale peji inapokuwa tayari imo: wanaipeleka nyuma ya foleni, kumbe FIFO haijali imetumika lini. Dalili yake ni rahisi kuiona. Ukipata 10 kwa fremu 3 na 8 kwa fremu 4, umefanya LRU bila kujua, ile inayotoa peji iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutumika. LRU haiwezi kuwa na kasoro ya Belady, kwa sababu peji 3 zilizotumika karibuni zaidi daima zimo ndani ya zile 4 zilizotumika karibuni zaidi.

Mimi nataka tuandike foleni nzima kila hatua, hata kama inachosha. Anayeandika idadi tu hawezi kujua alipopotea.

Wiki ya nne ni ya ile hali ambapo mashine inashinda ikihamisha peji kati ya diski na memori huku programu hazisogei, halafu mitihani ya nyuma. Wewe ndiye mwenye ile ya miaka iliyopita, kwa hiyo piga nakala kabla ya Ijumaa. Kama saa mbili ni mapema mno kwa wanaotoka mbali, niambie tusogeze hadi saa tatu.